Kung'oa kipande wiano cha integrali yenye kigawo cha kwadratiki kilichojirudia, bila mfumo wa milinganyo saba

Chukua integrali hii:

∫ 8 dx / ( x (x² + 2x + 2)³ )

Kwa macho haitishi. Juu kuna namba moja tu, na chini kuna vigawo viwili. Lakini ukiifuata kwa njia ya kuvunja sehemu kuwa sehemu ndogo ndogo, unaanza kwa kuandika a/x, kisha (bx + c) juu ya kwadratiki, kisha (dx + e) juu ya kwadratiki kwa kipeo cha 2, kisha (fx + g) juu ya kipeo cha 3. Hizo ni herufi saba na milinganyo saba. Ukishazipata zote bado hujaintegreti chochote, kwa sababu sehemu zenye vipeo vya 2 na 3 chini zinadai kanuni yake nyingine, na hapo ndipo wengi huanza kupoteza alama za kutoa.

Mwongozo huu unaonyesha njia nyingine. Unashusha kipeo cha kwadratiki ngazi moja moja, kutoka 3 hadi 2, kutoka 2 hadi 1, na kila ngazi inakuachia kipande kimoja cha jibu kilichokamilika. Katika kila ngazi unatafuta polinomia moja ya digrii ya kwanza, yaani namba mbili tu, na hizo hazitafutwi kwa mfumo wa milinganyo bali kwa kuzidisha.

Kabla ya kuanza, tukubaliane maneno. Namba ya juu ya sehemu ni kiasi, ya chini ni asili. Jibu la integrali ya aina hii daima lina vipande viwili. Kimoja ni polinomia juu ya polinomia, na hicho nakiita kipande wiano. Kingine ni mchanganyiko wa ln na arctan, nacho nakiita kipande cha logi. Vigawo vilivyojirudia kwenye asili ndivyo vinavyozaa kipande wiano. Kigawo kikiwa na kipeo cha 1 tu, kinazaa ln au arctan basi.

Mikhail Ostrogradsky alionyesha mwaka 1845 kwamba kipande wiano kinaweza kutengwa chote kwa pamoja hata kabla ya kujua mizizi ya asili. Kwa integrali yetu, njia yake inasema kipande wiano kina asili (x² + 2x + 2)² na kiasi chenye herufi nne, na kilichobaki ndani ya integrali kina asili x(x² + 2x + 2) na kiasi chenye herufi tatu. Unadiferenshieti, unalinganisha, unatatua. Nne na tatu ni saba: idadi ya herufi haijapungua hata moja. Faida yake ni kwamba ukimaliza huhitaji kanuni ya kushusha vipeo, lakini mfumo ni mkubwa uleule. Charles Hermite, mwaka 1872, aliifanya kazi hiyohiyo kwa ngazi, na ngazi hizo ndizo tunazozipanda hapa. Kwa hesabu ya mkono, ambapo vigawo vya asili tayari umeviona, mimi nadhani ya Hermite inashinda kwa mbali.

Wazo lenyewe

Ita kwadratiki iliyojirudia Q, na kila kitu kingine kilichomo kwenye asili W. Kwetu Q = x² + 2x + 2 na W = x. Derivativu ya Q ni Q' = 2x + 2. Tuseme kwa sasa tuko kwenye kipeo n, na sehemu yetu ni

A / (W Qⁿ)

Tunataka kuiandika kama derivativu ya kitu fulani, kuongeza sehemu nyingine ambayo kipeo cha Q kimepungua kwa moja:

A / (W Qⁿ) = ( B / Qⁿ⁻¹ )' + C / (W Qⁿ⁻¹)

B ni polinomia ya digrii ya kwanza, tunaitafuta. C inafuata yenyewe. Tukiipata B, basi B/Qⁿ⁻¹ tunaiweka pembeni kama sehemu ya jibu, imekwisha, na tunaendelea na C.

Derivativu ya B/Qⁿ⁻¹ ina sehemu mbili: B'/Qⁿ⁻¹, na −(n−1)·B·Q'/Qⁿ. Hiyo ya pili ndiyo pekee yenye Qⁿ chini, kwa hiyo ndiyo inayobeba mzigo wote. Zidisha mlinganyo mzima kwa W Qⁿ uone:

A = B' W Q − (n−1) B Q' W + C Q

Sasa angalia upande wa kulia. Sehemu ya kwanza ina Q ndani yake, ya tatu ina Q ndani yake. Ukigawanya pande zote kwa Q na kutazama baki tu, zote mbili zinatoweka. Inabaki:

A ≡ −(n−1) · B · Q' W   (baki kwa Q)

Alama ≡ inamaanisha pande mbili zina baki moja zikigawanywa kwa Q. Na huu ndio mlinganyo pekee unaotafuta B. Ukijua kinyume cha Q'W katika hesabu ya mabaki, yaani polinomia K ambayo K · Q'W ≡ 1, basi

B ≡ −A K / (n−1)

na baada ya hapo

C = ( A + (n−1) B Q' W ) / Q − B' W

Mgawanyo huo kwa Q lazima uishe bila baki, maana ndivyo tulivyoichagua B.

Kitu kizuri ambacho watu hukipita bila kukiona: K haitegemei n wala A. Q na W hazibadiliki kutoka ngazi hadi ngazi. Kwa hiyo K unaihesabu mara moja tu, na unaitumia kila ngazi hadi mwisho.

Hesabu ya mabaki, na jinsi ya kupata K

Kubaki kwa Q ni rahisi kuliko jina lake. Kwa kuwa Q = x² + 2x + 2, kila unapoona x² unaweka −2x − 2. Hakuna mgawanyo mrefu, ni kubadilisha tu. Kila polinomia, hata iwe ndefu namna gani, inaishia kuwa αx + β.

Aliyezoea namba changamani atatambua mchezo huu mara moja, kwani kule kila i² inageuka −1, na hapa kila x² inageuka −2x − 2. Na kama vile kule kinyume cha namba hupatikana kwa kuizidisha na mwenzake, hapa pia kila αx + β ina mwenzake. Mwenzake unaupata kwa kuweka −p − x mahali pa x, ambapo p ni namba inayozidisha x ndani ya Q = x² + px + q. Sababu ni kwamba mizizi miwili ya Q ina jumla −p, hivyo mzizi mmoja ukiwa x, mwingine ni −p − x.

Ukizidisha αx + β na mwenzake, x inatoweka na inabaki namba tupu:

N = β² − αβp + α²q

Kwa hiyo kinyume cha αx + β ni

( −αx + β − αp ) / N

Kanuni hii iandike pembeni ya karatasi, ndiyo inayochukua nafasi ya mfumo wote wa milinganyo.

Turudi kwetu. Q'W = x(2x + 2) = 2x² + 2x. Badilisha x²: 2(−2x − 2) + 2x = −2x − 4. Basi α = −2, β = −4, na p = q = 2.

N = 16 − 16 + 8 = 8
Mwenzake: 2x + (−4 + 4) = 2x
K = 2x/8 = x/4

Hakikisha kabla hujasonga, inachukua mstari mmoja: (−2x − 4)·x/4 = (−2x² − 4x)/4, na x² ikigeuzwa inakuwa (4x + 4 − 4x)/4 = 1. Sawa. Usiliruke jaribio hili. K ikiwa na kosa, kila kinachofuata kimeharibika.

Ngazi ya kwanza: kutoka kipeo cha 3 hadi cha 2

Hapa n = 3, kwa hiyo n − 1 = 2, na A = 8.

B = −8 · (x/4) / 2 = −x

Tayari. Kipande cha kwanza cha jibu ni −x/Q², yaani −x/(x² + 2x + 2)².

Sasa C. Tunahitaji A + 2·B·Q'W, na hapa Q'W ni ile halisi, 2x² + 2x, wala si baki lake. (Nitarudi kwenye jambo hili, maana ndilo linaloumiza zaidi.)

8 + 2(−x)(2x² + 2x) = −4x³ − 4x² + 8

Gawanya kwa x² + 2x + 2. Jibu la kwanza la mgawanyo ni −4x. Ukitoa −4x³ − 8x² − 8x unabaki na 4x² + 8x + 8, ambayo ni mara 4 kamili ya Q. Jibu ni −4x + 4, baki sifuri. Kisha toa B'W. Kwa kuwa B' = −1, B'W = −x, na kutoa −x ni kuongeza x:

C = −4x + 4 + x = 4 − 3x

Yaani

8/(xQ³) = ( −x/Q² )' + (4 − 3x)/(xQ²)

Ngazi ya pili: kutoka kipeo cha 2 hadi cha 1

Sasa A = 4 − 3x, n = 2, n − 1 = 1. K ni ileile.

B ≡ −(4 − 3x)·x/4 = (−4x + 3x²)/4

Geuza x²: 3x² ≡ −6x − 6. Hivyo B = (−10x − 6)/4 = −(5x + 3)/2.

Kipande cha pili cha jibu ni −(5x + 3)/(2Q).

C inafuata mtindo uleule. B·Q'W = −(5x + 3)(x² + x) = −5x³ − 8x² − 3x. Ongeza A:

−5x³ − 8x² − 6x + 4

Ukigawanya kwa Q unapata −5x + 2, baki sifuri. B' = −5/2, basi B'W = −5x/2, na

C = −5x + 2 + 5x/2 = 2 − 5x/2

Kilichobaki ndani ya integrali ni (4 − 5x)/(2xQ). Kipeo cha Q sasa ni 1, kwa hiyo tunasimama. Ukijaribu kuendelea, n − 1 inakuwa sifuri na kanuni inakataa yenyewe. Hakuna kipande wiano kingine kilichobaki kwa Q.

Kumalizia kipande cha logi

Hapa kuvunja sehemu kunaruhusiwa, kwa sababu sasa ni jambo dogo. Kwa kigawo x, funika x kwenye asili na uweke x = 0 kwingine: 4/(2·2) = 1. Basi tuna 1/x. Toa 1/x kutoka kwenye sehemu nzima: kiasi cha kilichobaki ni (2 − 5x/2) − (x² + 2x + 2) = −x² − 9x/2, na ukikigawanya kwa x unapata −x − 9/2. Kwa hiyo

(4 − 5x)/(2xQ) = 1/x − (x + 9/2)/Q

Kiasi x + 9/2 kigawe katika nusu ya Q' na namba: x + 9/2 = (2x + 2)/2 + 7/2. Na Q = (x + 1)² + 1, hivyo 1/Q inaintegreti kuwa arctan(x + 1). Jibu zima:

−x/(x² + 2x + 2)² − (5x + 3)/(2(x² + 2x + 2)) + ln|x| − ½ ln(x² + 2x + 2) − (7/2) arctan(x + 1) + c

Ukipenda kuviunganisha vipande viwili vya kwanza, vinakuwa −(5x³ + 13x² + 18x + 6) / (2(x² + 2x + 2)²). Hiyo ndiyo kiasi yenye herufi nne ambayo ungeitafuta kwa mfumo. Mimi huviacha vikiwa viwili, ni rahisi kuvikagua.

Makosa yanayonaswa na yasiyonaswa

Mgawanyo usio na baki ni mlinzi mzuri, lakini haulindi kila mlango, na ni vizuri kujua ni upi umeachwa wazi.

Tuseme ulikosea alama ya K, ukaandika −x/4. Katika ngazi ya kwanza B ingekuwa x, na ungegawanya 4x³ + 4x² + 8 kwa Q. Baki lake ni 16. Kosa limejitangaza papo hapo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kosa lolote la B: baki halitakuwa sifuri, na unajua urudi wapi.

Sasa tuseme B ni sahihi, −x, lakini wakati wa kutafuta C ukatumia −2x − 4 badala ya 2x² + 2x. Ni rahisi kufanya hivyo, kwa sababu −2x − 4 ndiyo iliyokuwa mbele yako ulipokuwa unatafuta K. Unapata 8 + 4x² + 8x, ambayo ni 4Q kamili. Inagawanyika bila baki! Unaandika C = 4 + x, unaendelea kwa furaha, na jibu ni batili. Mlinzi amelala kwa sababu baki na kitu halisi vinafanana mbele ya Q. Vinatofautiana tu kwa Q iliyozidishwa na kitu fulani, na kitu hicho ndicho hasa C inachokihesabu. Kwa hiyo shika hivi: mabaki ni ya kutafuta B. Unapotafuta C, kila kitu kiandikwe kwa ukamilifu, A na Q'W pia.

Kosa la tatu linalopita kimya ni kusahau kutoa B'W. Nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, hasa kwenye ngazi ya mwisho ambapo mtu anaona mwisho wa kazi. Hapo pia mgawanyo unaisha vizuri na hakuna kinacholia.

Dawa ya makosa hayo mawili ni kuweka namba mwishoni mwa kila ngazi, wala si mwishoni mwa kazi nzima. Chagua x ambapo Q ni ndogo. Kwetu x = −1 inatoa Q = 1 na Q' = 0. Upande wa kushoto wa ngazi ya kwanza ni 8/(−1) = −8. Upande wa kulia: derivativu ya −x/Q² ni −1/Q² + 2xQ'/Q³, ambayo kwa x = −1 ni −1. Kisha (4 − 3x)/(xQ²) ni 7/(−1) = −7. Jumla −8, sawa. Kwa C ya makosa, 4 + x, ungepata −1 − 3 = −4, na ungejua.

Lakini usitegemee x = −1 peke yake. Pale Q' ni sifuri, kwa hiyo kosa lililoko kwenye namba tupu ya B halionekani. Ongeza x = 1, ambapo Q = 5 na Q' = 4. Kwa ngazi ya pili: kushoto (4 − 3)/25 = 1/25. Kulia, (B'Q − BQ')/Q² = (−12.5 + 16)/25 = 3.5/25, kuongeza (2 − 2.5)/5 = −2.5/25. Jumla 1/25.

Kuna jaribio jingine la bei nafuu kwenye kipande cha logi. Sehemu tuliyoanza nayo inapungua haraka kuliko 1/x pale x inapokuwa kubwa sana, hivyo ln haziwezi kubaki na mchango wowote kule mbali. Namba inayozidisha ln|x| kuongeza mara mbili ya ile inayozidisha ln Q lazima iwe sifuri. Kwetu: 1 + 2(−½) = 0.

Aliye na kompyuta karibu anaweza kukagua jibu zima kwa mistari michache ya Python:

```
from sympy import *
x = symbols('x')
Q = x**2 + 2*x + 2
J = -x/Q**2 - (5*x+3)/(2*Q) + log(x) - log(Q)/2 - Rational(7,2)*atan(x+1)
print(simplify(diff(J, x) - 8/(x*Q**3)))
```

Ikichapa 0, jibu lako ni sahihi.

W ikiwa 1, na W ikiwa nzito

Wakati mwingine asili ni Qⁿ peke yake. Hapo kazi inapungua sana, kwa sababu kinyume cha Q' kinajulikana bila kuhesabu. Zidisha Q' kwa Q' uone: (2x + p)² = 4Q − (4q − p²). Ita 4q − p² kwa herufi D. Basi Q'·Q' ≡ −D, na K = −Q'/D. Kiasi kikiwa 1, B = Q'/((n−1)D) mara moja. Kwa mfano ∫ dx/(x² + 2x + 2)²: D = 4, B = (x + 1)/2. Kisha (1 + (x + 1)²)/Q = 1, toa B' = ½, inabaki ½. Jibu ni (x + 1)/(2Q) + ½ arctan(x + 1). Ile kanuni ndefu ya kushusha vipeo inayokaririwa kwa mitihani ni hii hii, imevaa nguo nyingine.

W ikiwa na vigawo vingi, kinachobadilika ni kitu kimoja tu: kupata baki la Q'W kunachukua mistari zaidi. Punguza W kwanza hadi αx + β, ndipo uzidishe kwa Q', usizidishe polinomia nzima kisha upunguze. B bado ina namba mbili tu, hata W iwe ya digrii ya tano. Kinachokua ni C, maana inabeba W nzima ndani yake.

Na W ikiwa nayo ina kigawo kilichojirudia, tuseme (x − 1)²? Shughulikia Q kwanza hadi ibaki na kipeo cha 1, ukiwa umeiacha (x − 1)² ndani ya W bila kuigusa. Kisha badilisheni majukumu: x − 1 inakuwa Q mpya, na W mpya ni kila kilichobaki, pamoja na kwadratiki yenyewe. Hapo mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu baki la kugawanya kwa x − 1 ni namba moja tu: weka x = 1 kila mahali. K ni namba, B ni namba, na B' ni sifuri.

Njia inakwama mahali pawili. Kwanza, kama Q na W zina kigawo cha pamoja, K haipo. N inakuwa sifuri na huwezi kugawanya. Hiyo maana yake hukukusanya vipeo vyote vya kigawo hicho ndani ya Qⁿ, rudi ukavikusanye. Pili, kama D = 0, basi Q yenyewe ni mraba wa kigawo cha digrii ya kwanza, na ulipaswa kuanza na kigawo hicho kwa kipeo mara mbili. Mbali na hapo, Q haihitaji hata kuwa ile isiyovunjika. Kwa x² − 1 au x² − 2 hesabu ni ileile neno kwa neno, na kwa x² − 2 inakuokoa kubeba √2 hadi ngazi ya mwisho, pale tu ln zinapoidai.